Tumbo la hedhi linalotangulia damu na kubaki damu ikishakata

Shikamoo dokta. Mimi ni fundi cherehani, naishi Newala, nina miaka 27. Nimeolewa huu mwaka wa tatu na sijawahi kushika mimba. Nilivunja ungo nikiwa na miaka 13 na tumbo la hedhi lilikuwa la kuvumilika, ila tangu nifike miaka 20 hivi limegeuka. Linaanza siku 4 kabla ya damu, linapamba moto siku ya pili na ya tatu, na damu ikishakata siku ya tano bado nabaki na maumivu siku 2 nyingine. Siwezi kukanyaga cherehani, nalala tu kwenye mkeka. Nikienda haja kubwa siku hizo nasikia kama kisu kinapita. Tendo la ndoa nalo linauma, si mlangoni, ni ndani kabisa. Nimetibiwa yutiai mara 4. Nikimaliza dawa napata nafuu, mwezi ukifika yale yale. Ultrasaundi ya juu ya tumbo ilisema kila kitu kiko sawa. Somo yangu aliniambia tumbo hili huacha ukishazaa. Mama mkwe anasema ni chango, ananichemshia mizizi. Nikizidiwa nameza parasetamoli 2. Je, nijifunze kuvumilia, au kuna ugonjwa?
Fundi, Newala

Marahaba, mdogo wangu. Usijifunze kuvumilia. Siwezi kukupima kwa barua, lakini daktari yeyote wa magonjwa ya wanawake akisikia maelezo haya, ugonjwa wa kwanza kuufikiria unapaswa kuwa endometriosisi. Nitakueleza kwa nini, kisha ufanye nini kuanzia mwezi huu.

Tuanze na tumbo la kawaida, maana bila kulijua hilo huwezi kulitambua lisilo la kawaida. Kila mwezi mfuko wa uzazi hujitandika utando wa ndani kuisubiri mimba. Mimba isipoingia, utando unabomoka na kutoka kama damu. Unapobomoka unaachia kemikali iitwayo prostaglandini, na hiyo ndiyo inayoubana mfuko kama mtu anayekamua nguo. Misuli ikibanwa sana hukosa damu ya kutosha, na hapo ndipo maumivu yanapozaliwa. Kemikali hiyo hiyo ikisambaa mwilini huleta kichefuchefu, kuharisha na kichwa kuuma. Huwa nyingi zaidi siku ya kwanza na ya pili, kisha hupungua kwa kuwa utando wenyewe unakwisha. Kwa hiyo tumbo la kawaida lina saa zake: huingia pamoja na damu au saa chache kabla, hukaa siku moja hadi tatu, kisha huondoka na kukuacha mzima hadi mwezi mwingine.

Wengi hukosea hapa kwa kuangalia ukali. Tumbo la kawaida linaweza kuwa kali mno. Kuna mabinti wa sekondari wanaotapika darasani siku ya kwanza, kesho yake wakacheza netiboli. Kinachotenganisha zaidi ni kalenda. Hebu tuhesabu yako: siku 4 kabla, siku 5 za damu, siku 2 baada. Ni siku 11 katika kila mzunguko. Kwa mzunguko wa siku 28 hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya maisha yako, na prostaglandini ya utando unaobomoka haiwezi kueleza maumivu ya siku nne ambazo utando bado haujabomoka. Halafu kuna jambo la pili: lako limeanza kuwa baya ukiwa na miaka 20 na linaendelea hivyo. Tumbo la kawaida huanza ndani ya mwaka mmoja au miwili baada ya kuvunja ungo, na kwa wengi hupungua kadiri umri unavyosogea. Linalozidi mwaka hadi mwaka lina sababu nyingine.

Endometriosisi ni hali ya tishu inayofanana na ule utando wa ndani ya mfuko kuota nje ya mfuko: juu ya ovari, kwenye kano zinazoushikilia mfuko kwa nyuma, kwenye kibofu, na hasa katika kile kishimo kilicho kati ya mfuko wa uzazi na utumbo wa haja kubwa. Tishu hii husikiliza homoni zile zile za mwezi. Hujaa, huvuja damu, na damu hiyo haina mlango wa kutokea. Mwili hujibu kwa uvimbe na joto la ndani, kisha makovu, na makovu hugandisha viungo ambavyo vinapaswa kuteleza. Shirika la Afya Duniani linakadiria ugonjwa huu unampata mwanamke 1 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa.

Ukikijua kishimo kile cha nyuma, dalili zako mbili zinaeleweka zenyewe. Choo kinapopita kwenye utumbo ulioshikana na kidonda kilichovimba siku za hedhi, unasikia kisu. Na katika tendo la ndoa, uume unapogusa kwa ndani kabisa, unasukuma kano na kishimo hicho hicho. Umefanya vizuri sana kutofautisha mlangoni na ndani. Maumivu ya mlangoni mara nyingi ni ukavu, fangasi au misuli kukaza, na tungekuwa tunazungumza jambo jingine. Maumivu ya kina, pamoja na choo kinachouma wakati wa hedhi, pamoja na mimba isiyoingia, ni mkusanyiko ambao haupaswi kupita mbele ya daktari bila kuulizwa maswali zaidi.

Kuhusu zile tiba nne za yutiai. Dawa ulipewa tumbo likiwa kali, ukameza siku tano au saba, na katika siku hizo hizo hedhi ikaisha na maumivu yakaondoka yenyewe. Wewe na mhudumu mkaipa dawa sifa isiyo yake. Ugonjwa wa njia ya mkojo haufuati kalenda ya mwezi. Ukiambiwa tena una yutiai, omba mkojo uoteshwe maabara kabla ya kumeza chochote. Usipoota kitu, dawa ya tano haina kazi.

Sijasema hakuna kingine kinachoweza kuwa nyuma ya tumbo hili. Maambukizi ya mirija huleta maumivu ya nyonga na ugumba pia, ila mara nyingi huja na uchafu unaonuka au homa, na hayangoji hedhi. Faibroidi kwa kawaida hujitangaza kwa damu nyingi na mabonge, na ultrasaundi huiona kwa urahisi. Kwetu huku pwani kuna kichocho cha mkojo, ambacho kinaweza kuushambulia hata mlango wa kizazi. Kama ulikuwa ukioga au kuchota maji mtoni au bwawani utotoni, au uliwahi kukojoa damu, mwambie daktari, maana kina dawa yake. Hilo neno chango, kwa heshima ya mama mkwe, limebeba magonjwa yote haya kwenye kapu moja. Mizizi ya kunywa sitaigombania sana, ingawa zile zinazoharisha zitakuumiza utumbo ambao tayari una shida. Ila usikubali kuwekewa kitu chochote ukeni.

Sasa dawa ya maumivu, kwa sababu namna unavyoitumia haikusaidii na pia inatunyima jibu. Parasetamoli haiigusi sana prostaglandini. Dawa zinazozuia kemikali hiyo isitengenezwe ni za kundi la ibuprofeni, diklofenaki na asidi ya mefenamiki. Na neno ni hilo: zinazuia isitengenezwe. Ukisubiri hadi uko chini kwenye mkeka, kemikali imeshamwagika na dawa haiwezi kuirudisha. Mwezi huu fanya hivi. Damu au tone la kwanza likionekana, meza ibuprofeni miligramu 400, yaani vidonge 2 vya miligramu 200, ukiwa umekula. Kisha rudia kila baada ya saa 8 hata kama maumivu hayajarudi: saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 5 usiku. Endelea siku 3. Usizidishe vidonge 6 vya miligramu 200 kwa siku bila daktari. Ikibaki haitoshi unaweza kuongeza parasetamoli gramu 1, ambayo ni vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 8. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga ukiiweka chini ya kitovu inasaidia kweli, haipo kwa ajili ya kujifariji tu.

Mambo ya kuangalia ni haya. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki. Ni kundi moja na zinazidishiana madhara. Maduka yetu yanauza sana kidonge chenye diklofenaki na parasetamoli ndani yake, kwa hiyo soma karatasi kabla ya kuongeza kingine juu yake. Kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na aspirini, usizitumie kabisa. Na kwa kuwa unatafuta mtoto, zile siku 4 za kabla ya damu tumia parasetamoli peke yake, maana huenda mimba imeingia. Dawa za kundi hili zikimezwa katikati ya mwezi zinaweza pia kuzuia yai lisitoke vizuri. Ziishie kwenye siku za damu.

Ukitumia dawa hivyo kwa mizunguko miwili au mitatu na bado hukanyagi cherehani, hilo lenyewe ni dalili. Tumbo la kawaida kwa kawaida husalimu amri. Lakini usikae kusubiri miezi hiyo mitatu ndipo uende hospitali. Wewe una dalili nyingine za kutosha kwenda sasa, na jaribio la dawa liendelee huku ukipanga safari.

Kabla ya safari, chukua daftari la vipimo vya wateja wako, ukurasa wa nyuma, na ujaze kila siku kwa mizunguko miwili, au hata mmoja kama nafasi ya daktari itapatikana mapema. Andika tarehe, kama kuna damu au hakuna, maumivu kwa namba kuanzia 0 hadi 10, choo kiliuma au la, mkojo uliuma au la, tendo la ndoa liliuma au la, dawa uliyomeza na saa, na kama ulifanya kazi siku hiyo. Mfano wa mstari mmoja: "Tarehe 14, siku ya 2 ya damu, maumivu 9, choo kiliuma, ibuprofeni saa 1 na saa 9, sikufungua cherehani." Daktari mwenye wagonjwa hamsini nje atausoma ukurasa huo kwa dakika moja na kuona mpangilio ambao usingeweza kuueleza kwa mdomo. Ukisema tu "tumbo linauma nikiingia mwezini," utarudi na parasetamoli.

Zahanati haitakumalizia jambo hili. Pitia hospitali ya wilaya upate barua ya rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Kwa upande wako kuna Ligula na Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, au Ndanda upande wa Masasi. Wasomaji wa Lindi wana Sokoine na Nyangao. Piga simu kwanza kuulizia siku za kliniki ya bingwa, safari isije ikawa ya bure. Ukipata nafasi inayoangukia siku zako, usiahirishe kwa aibu. Vidonda vya kishimo cha nyuma hujitokeza zaidi vikiwa vimevimba, na daktari anapopima kwa kidole ukeni anaweza kuvigusa kama vinundu vinavyouma, au kuona kwamba mfuko umeganda hauchezi.

Ile ultrasaundi yako haijasema huna ugonjwa. Imesema hakuna uvimbe mkubwa ulioonekana kutoka juu ya tumbo. Madoa ya endometriosisi huwa membamba, mengine kama punje ya mtama, na mashine haiyaoni. Omba kipimo cha kupitia ukeni, na uulize mambo mawili: je, kwenye ovari kuna uvimbe uliojaa damu ya zamani, ile nzito ya rangi ya kahawia iliyokolea? Na je, mfuko na ovari zinateleza zikisukumwa, au zimenata kwa nyuma? Hata hicho kikiwa safi, daktari anayejua kazi yake hatakuambia "huna kitu". Na kinyume chake ni kweli pia: ukubwa wa maumivu hauendi na ukubwa wa ugonjwa. Kuna mwenye madoa machache anayezimia, na kuna mwenye ovari mbili zilizogandana aliyegunduliwa wakati wa upasuaji wa jambo jingine.

Zamani ilisemwa lazima ufunguliwe tumbo au uingizwe kamera kupitia matundu madogo ndipo ugonjwa uitwe kwa jina. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 uliondoa sharti hilo. Daktari anaweza kuanza tiba kwa dalili na vipimo vya nje. Kwako wewe, hata hivyo, njia inagawanyika mapema, na ni vizuri uamue na mumeo kabla ya kuingia chumba cha daktari.

Njia ya kwanza ni kutuliza maumivu kwanza na kuahirisha mtoto. Hapo dawa ni homoni zilezile za uzazi wa mpango, zikitumiwa kuizima tishu. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili humezwa mfululizo: katika pakiti ya vidonge 28 yenye vile 7 vya rangi ya kahawia, hivyo 7 ni vya madini ya chuma tu, kwa hiyo unaviruka na kuanza pakiti mpya ili damu isije. Havimfai mwenye presha, aliyewahi kuganda damu, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona nyota. Kuna pia kijiti, kitanzi chenye homoni na sindano ya miezi mitatu. Sindano inatuliza vizuri, lakini uzazi huweza kuchelewa kurudi miezi mingi baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo mtu anayetaka mtoto mwakani asiichague. Na kitanzi cha shaba, kile kisicho na homoni, kinaweza kuliongeza tumbo. Mwenye dalili kama zako asiwekewe. Homoni hupunguza maumivu zikiwa mwilini tu. Haziongezi uwezekano wa kushika mimba baadaye.

Njia ya pili ni mtoto kwanza, na nadhani ndiyo iliyokufanya uandike. Hapo homoni hazifai, kwa kuwa zote huzuia mimba. Mwaka mmoja wa kutafuta bila kinga unatosha kuanza uchunguzi, nanyi mmeshauvuka. Mumeo aanze yeye, kwa sababu kipimo cha mbegu ni rahisi na hakina maumivu: ajizuie siku 2 hadi 7, kisha apeleke sampuli maabara ndani ya saa moja. Ni kazi bure kukufungua wewe tumbo kabla ya kujua mbegu zikoje. Zikiwa nzuri, wewe unafuata kwa picha ya mirija ya eksirei yenye dawa ya rangi. Kisha ndipo bingwa aamue kama kuna faida ya upasuaji wa kamera wa kuondoa vidonda na kuachanisha makovu, ambao kwa ugonjwa mdogo unaweza kuongeza nafasi ya mimba. Muhimbili wanaufanya, kama rufaa itafika huko. Muulize daktari atafanya nini akikuta uvimbe kwenye ovari, kwa sababu kila upasuaji wa ovari hupunguza mayai kidogo, na kurudiarudia si jambo jema. Wengi wenye ugonjwa huu hushika mimba bila msaada wowote, kwa hiyo usikubali kuitwa tasa.

Somo yako hakudanganya kabisa. Tumbo la kawaida hupungua kwa wengi wakishazaa. La endometriosisi hulala wakati wa mimba na kunyonyesha, kisha kwa wengi huamka hedhi ikirudi.

Na kama hedhi imechelewa, halafu yakaja maumivu ya upande mmoja pamoja na kizunguzungu, damu kidogo au maumivu ya bega, acha daftari na ibuprofeni, nenda hospitali saa hiyo hiyo: hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko, na mwanamke mwenye makovu kwenye mirija yuko karibu nayo kuliko wengine. Vilevile usingoje kliniki kama tumbo limekata ghafla kwa namna usiyoijua, una homa, unatapika bila kukoma, au pedi inajaa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo.